Jamani, milioni 48 si faida

Jumamosi nilitumiwa picha ya hesabu za kikundi kimoja cha wakamuaji wa alizeti huko Singida. Chini yake mweka hazina ameandika: "Dada, ona mambo! Faida milioni 47." Nikatua kikombe cha chai. Kikundi chenyewe nakijua. Mwaka mzima, ukishalipa mbegu, umeme na vibarua, mafuta na mashudu viliwaachia milioni 9, na hizo nazo walizitolea jasho.

Siri ilikuwa mstari wa tatu. Serikali iliwapa ruzuku ya milioni 48 wanunue mashine ya milioni 80, zilizobaki wakachanga wenyewe. Mweka hazina akazibeba zote 48 akazimwaga kwenye mapato ya mwaka huohuo, kisha akatoa uchakavu wa milioni 10, kwa kuwa mashine wameipangia miaka minane na mwisho wake ni chuma chakavu tu. Tisa, jumlisha 48, toa 10. Kujumlisha anajua, hilo simnyimi.

Sasa niambieni, hiyo faida mtaigawana vipi? Pesa hazipo! Zimekuwa mashine, imefungwa boliti sakafuni. Lakini wanachama wameona 47 kwenye karatasi, wakadai gawio, na mkutano mkuu ukapitisha milioni 20. Zimetoka wapi? Kwenye pesa ya kununulia alizeti msimu unaofuata. Mwaka wa pili hakuna ruzuku. Wakipata tena tisa zilezile na uchakavu uleule wa 10, wana hasara ya milioni moja. Kutoka faida ya 47 hadi hasara, na kinu ni kilekile, watu ni walewale. Hapo ndipo mweka hazina huanza kuitwa mwizi, maskini, na hajaiba hata shilingi.

IAS 20, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ruzuku za serikali, ililitatua jambo hili tangu miaka ya themanini. Ruzuku ya kununulia mashine ikiingia benki, upande wa pili haiendi kwenye mapato. Inaandikwa kama mapato yaliyoahirishwa, upande wa madeni wa mizania. Kisha inashushwa kidogokidogo kadiri mashine inavyochakaa: 48 kwa miaka minane ni milioni 6 kila mwaka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni tisa, toa 10, jumlisha 6, faida milioni 5. Mwaka wa pili, tano. Si ya kupigia vigelegele, lakini ndiyo biashara yao ilivyo. Mwisho wa mwaka wa kwanza mashine inasoma 70 na ruzuku iliyobaki ni 42, ambapo 6 ni za mwaka unaofuata na 36 za mbele zaidi.

Kuna wanaokata ruzuku moja kwa moja kwenye bei, mashine ikasoma milioni 32 na uchakavu 4. Kiwango kinaruhusu na faida inatoka ileile. Mimi siipendi. Siku ya kukata bima mtu atasoma 32 kwenye mizania, halafu moto ukiwaka mtajua bei ya dukani ni ngapi.

Na kabla hamjanirukia: ndiyo, wanaotumia viwango vya IFRS vya biashara ndogo na za kati hawasambazi namna hii. Kule, masharti ya utendaji yakishatimizwa, au kama hayakuwepo kabisa, ruzuku yote inaingia kwenye mapato kwa mkupuo. Nakubali, shingo upande. Ila kikundi hiki kimeandika chenyewe, ukurasa wa kwanza wa maelezo ya hesabu, kwamba kinafuata viwango kamili vya IFRS, na IAS 20 imo humo.

Kuna na barua ya ruzuku, ambayo nina hakika hakuna aliyeifungua tena baada ya kupiga nayo picha. Inasema mashine isiuzwe kabla ya miaka mitano, la sivyo pesa zote zirudi. Tuseme wameiuza mwisho wa mwaka wa tatu. Kwenye mapato yaliyoahirishwa zimebaki 30. Wakidaiwa 48, hizo 30 zinafutwa pale, na 18 zinaingia kama gharama ya mwaka ule. Inauma, lakini inaeleweka. Kwa vitabu vyao vya sasa hakuna kilichobaki cha kufuta, kwa hiyo 48 zote zitaangukia mwaka mmoja.

Nilimpigia mweka hazina nikamweleza haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa dada, wazee niwaambie ile arobaini na mbili imepotelea wapi?"

Nikamwambia awapeleke kwenye kinu, awaonyeshe mashine. Kuhusu zile milioni 20 za gawio, sikuwa na la kumwambia.