Anza na sentensi ya mwisho

Anayetafsiri sura ya riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili aanzie mwisho wake. Aitafsiri kwanza ile sentensi inayomwacha msomaji patamu, aigeuzegeuze mpaka ikae sawa, ndipo arudi ukurasa wa kwanza wa sura. Kuna wanaoona huko ni kufanya kazi kinyumenyume. Mimi nashikilia kwamba taharuki nyingi hufia hapo: mtafsiri anafika mstari wa mwisho akiwa amechoka, kumbe sarufi yetu imeshamwaga siri aya mbili nyuma.

Siri humwagwa na viambishi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja, “it”, kinachobeba kitu, mnyama au jambo lolote lisilojulikana, na waandishi wa taharuki wanakitegemea mno. Kwetu kitenzi kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi au ngeli, na kiambishi hicho hueleza mapema kama mtendaji ni kiumbe hai au ni kitu.

Chukua sura ya mfano. Inspekta wa kike amesimamisha gari usiku, dereva amekimbilia porini. Inspekta anafungua buti, anamulika tochi, anaona blanketi. Chini yake pana jambo, nalo linasogea. Sura inaishia hapo. Sura inayofuata itafichua kwamba ni mtoto aliyetekwa.

Ukiandika “Alisogea”, umemaliza utamu wote kwa silabi moja. Ukiandika “Kilisogea”, umemwambia msomaji kwamba ni kitu, na akigeuza ukurasa akakuta mtoto atahisi amechezewa. Mtafsiri mjanja atakimbilia “Likasogea”, likiwa ni blanketi. Ni neno moja, linakata vizuri, lakini angalia kilichotangulia: gari ni li-, buti ni li-, blanketi nalo ni li-. Msomaji anayesoma kwa kasi atadhani gari ndilo lililoanza kuserereka, na badala ya kushtuka atarudi mstari wa juu kutafuta maana. Ukimfanya msomaji arudi nyuma kwenye mstari wa mwisho wa sura, umempoteza.

Kinachofaa ni “Blanketi likasogea.” Nomino inatajwa tena, sentensi inakuwa na maneno mawili, na sarufi haijasema uongo wala haijatoa siri. Macho ya inspekta yameona blanketi tu, basi na sisi tuone blanketi tu.

Sasa ndipo faida ya kuanzia mwisho inaonekana. Ukishajua sura itafungwa na blanketi, unarudi juu kusafisha njia. Pale ulipotaka kuandika “mzigo uliofunikwa” au “aliyelazwa chini ya blanketi”, unafuta. Unaandika: “Blanketi la kijivu. Katikati limeinuka.” Hakuna mtu, hakuna mzigo. Halafu unahakikisha neno blanketi halijarudiwa mara nyingi mno kabla ya mwisho, lisije likachakaa.

Kuhusu sentensi fupi, kosa ninaloliona mara kwa mara katika miswada ni viunganishi. Mwandishi asilia ameweka nukta nne, mtafsiri anaziunganisha kwa kisha, huku, ili na ndipo, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba insha nzuri hutiririka. Matokeo yake ni haya: “Alifungua mlango kisha akaingia huku akipapasa ukuta ili atafute swichi, lakini ghafla akasikia mtu akipumua.” Habari zote zimo, ila msomaji hana hata nafasi moja ya kuogopa. Neno ghafla ndilo linaloharibu zaidi, maana linapiga mbiu kabla ya tukio kufika.

Lakini kuzikata tu hakutoshi. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mengi ndani yake. “Hakumsikia” ni sentensi kamili yenye mtenda, mtendwa, wakati na kikanushi. Ukifuata nukta za Kiingereza moja kwa moja, utapata ukurasa mzima wa sentensi za neno moja, na sikio litachoka kabla ya aya ya pili. Mdundo wetu unapatikana kwingine, kwenye kubadilisha wakati wa kitenzi. Mfululizo wa -ka- unasukuma matukio mbele, moja linavuta jingine. Ukiuvunja, msomaji anajikwaa, na hapo pa kujikwaa ndipo pa kuweka hofu:

“Akashuka ngazi. Akapita jikoni. Akafika mlango wa nyuma. Uko wazi.”

Sentensi tatu zinakimbia, ya nne inasimama. Wala haikuhitaji “ulikuwa”. Msimuliaji wa Kiswahili akifika penye mshtuko huacha wakati uliopita na kusema kama anayeona sasa hivi: akageuka, mtu amesimama. Vilevile tunayo ile kawaida ya kutumia kitenzi-jina, ambayo kila mtu huitumia akisimulia kisa cha kuibiwa: “Kufungua kabati, hamna kitu.” Sijui kwa nini watafsiri wanaiogopa. Pengine wanaiona ya mitaani mno kwa kitabu. Kwangu ni chombo kikali kuliko sentensi nyingi fupi zilizopangwa kwa kufuata Kiingereza, kwa sababu inaunganisha mkono unaofungua na jicho linaloona bila kupitia popote.

Kuna mahali lugha yetu inampa mtafsiri zawadi, na papo hapo inamnyang'anya. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuficha kama muuaji ni mwanamume au mwanamke huhangaika sana. Sisi a- inatufichia bure. Lakini fikiria sura inayofungwa na mshukiwa anayeropoka. Polisi wamemwambia kuna mwili umepatikana, hawakusema wa nani. Anajibu kwamba hakuwahi kumwona, na kiwakilishi cha Kiingereza kinaonyesha kuwa anamzungumzia mwanamke. Amejifunga mwenyewe. Kwa Kiswahili, “Sikumwona kamwe” haionyeshi lolote. Sura imekufa.

Hapa pia unaanzia mwisho. Mshukiwa anapaswa kusema jambo ambalo mtu wa kawaida angelisema bila kufikiri, kwa hiyo “mwanamke huyo” halifai, limekaa kama maelezo ya karani wa mahakama. Nami ningeandika: “Afande, mimi yule dada simjui.” Ndivyo watu wanavyosema. Kisha unarudi kwenye mahojiano yote na kuhakikisha kila afande amesema “marehemu” au “mwili”, hata pale ambapo Kiingereza kimetumia neno jingine, na kwamba hakuna aliyeponyokwa na “yule mama” ukurasa wa nne. Ponyoko moja tu, na jibu la mshukiwa halina tena uzito. Sehemu hii husomwa na mtu wa pili ambaye hajui mwisho wa kitabu. Asiposhtuka kwenye “yule dada”, kuna mahali jinsia imevuja.

Jambo la mwisho nawaambia wahariri. Msiongeze swali. Sura imekwisha na “Blanketi likasogea”, halafu mhariri anabandika chini yake: “Je, kulikuwa na nini ndani?” Desturi hiyo ni ya hadithi za magazetini, ambako msomaji alisubiri wiki nzima na alihitaji kukumbushwa anunue toleo lijalo. Mwenye kitabu mkononi ana ukurasa unaofuata chini ya kidole gumba. Swali ameshajiuliza mwenyewe.