Mdhaniaye ndiye siye: fumbo la stetasi na wanaolifumbua

Chukua mfano huu nilioutunga, ingawa wengi watauona kama walioushuhudia. Saa tatu usiku mama mmoja anaandika kwenye stetasi yake ya WhatsApp: "Wengine wanakula jasho la wenzao, kisha wanatupitia na doti mpya." Hakumtaja mtu. Katika simu yake mna watu wapatao 300, na wengi wao watayasoma maneno hayo na kuyapita. Lakini 11 kati yao wanacheza naye upatu wa shilingi 50,000 kwa mwezi, na wanajua kwamba juzi ilikuwa zamu yake kupokea shilingi 600,000, na kwamba hadi usiku huo hajapokea kitu. Hao ndio wasomaji wa kweli wa fumbo hilo.

Tazama jinsi wanavyolifumbua. Cha kwanza wanachokitazama ni wakati, kwa sababu maneno hayohayo yangeandikwa mwezi uliopita yangemhusu mtu mwingine au yasingemhusu yeyote. Kisha wanatafuta kitu kinachoshikika, na kitu hicho ni doti. Kijumbe, ambaye ndiye mwenye kukusanya fedha, alionekana Ijumaa na kanga mpya. Hata hivyo mwenzao mwingine pia ana doti mpya, aliyoinunua kama sare ya harusi ya mpwa wake, naye ndiye aliyechelewesha mchango na kumfanya kijumbe akose fedha za kutoa. Dalili zote mbili zinawaangukia watu wawili, na kila msomaji atamchagua yule ambaye tayari alikuwa na kinyongo naye. Hapo ndipo ninapoona ugumu wa jambo hili: msomaji hukopa kutoka moyoni mwake kile ambacho mwandishi hakukisema, kisha huamini kwamba amekisoma.

Waswahili hatukuanza kufumba na simu. Jina la kanga limekuwa likibeba ujumbe kwa vizazi, na mwanamke aliyejifunga "Hasidi hana sababu" akapita mbele ya nyumba fulani alikuwa amekwisha kusema. Katika taarabu vilevile, mwimbaji aliimba maneno yanayoweza kumhusu yeyote ukumbini, lakini mtu alipoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza katika ubeti mahususi, akacheza taratibu mbele ya meza ya fulani, ukumbi mzima ulijua anayeambiwa. Maneno yalikuwa ya wote, ila mwili ndio uliompa fumbo anwani. Mlengwa naye alikuwapo, aliweza kuinuka na noti yake akangoja ubeti wa kujibia. Stetasi imeyachukua maneno na kuuacha mwili. Haina macho wala mlango iliopita mbele yake, na kwa hiyo kazi yote ya kutafuta anwani imebaki kwa wasomaji.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja nzito, nami sipendi ipuuzwe. Mkamwana anayeishi kwa mama mkwe hawezi kumwambia usoni kwamba maneno yake jikoni yanamuumiza. Akithubutu ataambiwa hana adabu, na mume wake atalazimika kuchagua upande. Fumbo humpa njia ya kusema pasipo kuvunja heshima, na humpa mama mkwe nafasi ya kujirekebisha pasipo kukiri kosa mbele ya watu. Mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara yumo katika hali hiyohiyo. Kwa watu wa namna hii, kutaka kila lawama itajwe kwa jina ni sawa na kuwataka wanyamaze, kwa kuwa gharama ya kutaja wanailipa wao peke yao.

Hoja hiyo, hata hivyo, inasimama mahali ambapo fumbo linamfikia anayehusika na kuishia hapo. WhatsApp inampa mwandishi uwezo wa kuchagua nani aione stetasi yake, hata mtu mmoja tu akitaka. Mama wa upatu angeweza kumwonyesha kijumbe peke yake, na lingekuwa fumbo kwa maana ya zamani. Alipowaonyesha wote 300 alikuwa anaita mashahidi, na shahidi aliyeitwa bila kuambiwa kesi ni ya nani atajitafutia mshtakiwa.

Hapo wengi hukimbilia msemo wa jiwe lililotupwa gizani, kwamba atakayelia ndiye lililompata. Msemo huu umewaumiza watu wengi wasio na hatia, kwa sababu unafanya kulia kuwa ushahidi. Mwenye sare ya harusi, akiwa na wasiwasi wa kuchelewesha mchango, atapiga simu usiku huohuo kuuliza, "Dada, umenisema mimi?" Kwa swali hilo amejitia kitanzi, na kesho wenzake watasema kwamba amejitaja mwenyewe. Aliyezoea kula fedha za watu ataiona stetasi, ataweka emoji ya moyo na kulala. Kulia kunamtambulisha mwenye hofu, na hofu haimkai mwenye kosa peke yake. Mwandishi naye anabaki na jibu lake tayari, "Sikukutaja," ambalo linamfungia mlengwa kila njia ya kujitetea.

Madhara ya kufumbua vibaya yalionekana wazi huko Uingereza. Tarehe 2 Novemba 2012, kipindi cha Newsnight cha BBC kilitangaza tuhuma za kudhalilisha watoto dhidi ya mwanasiasa mkubwa wa chama cha Conservative wa enzi za Thatcher, bila kumtaja. Watu walianza kukisia katika Twitter, na jina la Lord McAlpine, aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama hicho, likaenea. Siku mbili baadaye Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge, aliuliza huko kwa nini jina hilo linazungumzwa sana, akamalizia na maneno mawili ya kuigiza uso wa mtu asiyejua kitu. Katika muda wa siku chache yule aliyedai kudhalilishwa alikiri mwenyewe kwamba alikuwa amemfananisha mtu. BBC, ambayo haikutaja jina, ilimlipa McAlpine pauni 185,000. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba swali la Bercow, lenye sura ya kutojua, lilikuwa na maana ya tuhuma kwa msomaji wa kawaida.

Kanuni iliyo nyuma ya hukumu za aina hiyo imo pia katika sheria ya kashfa ya nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza, zikiwemo Kenya na Tanzania: jina si sharti, inatosha kwamba watu wenye akili timamu wanaomfahamu mlalamikaji wangeelewa kuwa ndiye anayesemwa. Kwa hiyo wale 11 wa upatu wana uzito kuliko mamia ya wengine ambao hawakuelewa lolote.

Kwa maoni yangu, kinachotenganisha fumbo linalostahili kutetewa na lile linalodhuru ni dalili zilizowekwa ndani yake. "Aliyeahidi atimize" ni ukumbusho ambao kijumbe angeuelewa na mwenye sare asingejitafuta ndani yake. Ilipoongezwa doti, maneno yaliacha kueleza deni na kuanza kuchora mtu. Na mchoro wenyewe haukuwa sahihi, kwa kuwa mwandishi alimchora mtu mmoja pasipo kujua kwamba mwingine anafanana naye. Stetasi itafutika baada ya saa 24, lakini picha yake ya skrini imekwisha kutumwa kwa shangazi wa bibi harusi.