Mfumo wa kudabo dau na mhasibu aliyenishangaza

Juma lililopita, katika kundi letu la WhatsApp la mtaani, kijana mmoja alituma tangazo la "mfumo usiopoteza", akiambatanisha picha za skrini zenye ushindi mfululizo na bei ya kujiunga. Matangazo ya namna hiyo nimeyazoea, na kwa kawaida huyapita kimya. Kilichonikera ni jirani yetu, mhasibu mstaafu ambaye watu humsikiliza, alipoandika chini yake kwamba yeye habeti, "lakini kihesabu, mfumo huu hauna kosa." Kama angesema vijana waache kamari, tusingekuwa na ugomvi. Lakini aliitaja hesabu, na hesabu imeonewa.

Mfumo wenyewe mnaujua. Unaweka 1,000; ukiliwa unaweka 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000, na siku utakayopata, dau la mwisho linafuta hasara zote na kukuachia faida ya 1,000. Unaacha, unaanza upya. Watetezi wake hujivunia mambo mawili: kwamba hakuna anayeliwa milele, na kwamba mchezaji ndiye anayeamua lini aondoke mezani.

Nakubali, shingo upande, kwamba la kwanza ni kweli. Katika mchezo wa haki kama kurusha sarafu, uwezekano wa kuliwa bila mwisho ni sifuri, na kwa wastani ushindi huja ndani ya mizunguko miwili tu. Hapo ndipo mhasibu wetu alipofunga daftari. Angeendelea kidogo, angejiuliza swali ambalo mhasibu yeyote angelitarajiwa kuuliza: dau la mwisho, lile la ushindi, huwa shilingi ngapi kwa wastani? Kwa uwezekano wa nusu ni 1,000, na hiyo inachangia 500 kwenye wastani. Kwa uwezekano wa robo ni 2,000, nayo inachangia 500. Kwa uwezekano wa thumuni ni 4,000, inachangia 500 nyingine. Kila hatua inaongeza 500, na hatua hazina mwisho, kwa hiyo wastani huo hauna kikomo. Muda wa kusubiri ni mfupi, ila fedha za kusubiria hazipo katika benki yoyote duniani.

Sasa tumpe mchezaji fedha ambazo mtu anaweza kuwa nazo kweli. Tuseme ana 127,000, mtaji unaotosha mizunguko saba barabara: 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000. Uwezekano wa kuliwa mara zote saba ni 1 katika 128. Kwa hiyo katika kila zoezi la kudabo, mara 127 kati ya 128 anaondoka na faida ya 1,000, na mara moja kati ya 128 anaacha 127,000 zote. Zidisheni wenyewe: 127 mara 1,000 upande huu, 1 mara 127,000 upande ule. Zinalingana hadi shilingi ya mwisho, na hazikulingana kwa bahati. Akiongeza mtaji hadi 1,023,000 atapata mizunguko kumi, ambapo uwezekano wa kuanguka unashuka hadi 1 katika 1,024, lakini anguko lenyewe nalo ni la 1,023,000. Kila anaponunua usalama, anaulipia bei yake kamili. Mtu huyu ni kampuni ya bima inayokusanya ada ndogo ndogo kila siku huku ikidhani kwamba ada ni faida kwa sababu nyumba bado haijaungua.

Hoja ya pili, ya kuacha unapotaka, ndiyo yenye mvuto zaidi, na ndiyo inayostahili kujibiwa kwa heshima. Mwanahisabati Mmarekani Joseph Doob, aliyeipa nadharia ya michezo ya haki umbo lake katika karne ya 20, alionyesha jambo hili: katika mchezo wa haki, kanuni yoyote ya kuacha inayotegemea yaliyokwisha kutokea tu, bila kuona ya mbele, haibadilishi wastani wa fedha utakazoondoka nazo, mradi kuwe na mipaka fulani. Mpaka huo unaweza kuwa idadi ya mizunguko isiyoweza kuzidi kiwango kinachojulikana, au fedha zako zisizoweza kupanda wala kushuka kupita viwango vinavyojulikana, au muda wa kusubiri wenye wastani unaohesabika pamoja na dau lisilozidi kiasi fulani. Sababu yake si ngumu. Kabla ya kila mzunguko, unachotarajia kuwa nacho baadaye ni kile kile ulicho nacho sasa. Ukiamua kucheza unaongeza sifuri, ukiamua kuacha unaongeza sifuri, na sifuri hizo, kwa ustadi wowote wa kuzipanga, hazifiki hata shilingi moja.

Mfumo wa kudabo unaponyoka katika kanuni hiyo kwa mlango mmoja tu, yaani dau linalokua bila mpaka na deni lisilo na mwisho. Mtu mwenye mkoba usio na kikomo kweli atapata 1,000 yake, na sijui ataitaka ya nini. Mwenye mkoba wenye kikomo, mlango huo umefungwa, na Doob anamkuta pale pale.

Haya yote nimeyasema kwa mchezo wa haki, ambao hakuna kampuni itakayokuuzia. Katika ruleti ya Ulaya, magurudumu yenye nafasi 37 yana nyekundu 18 tu. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Aliyeanza kudabo juu ya nyekundu kwa faranga moja angehitaji faranga 33,554,432 kwa dau la 26 peke yake, kama meza ingemruhusu, na meza zina dau la juu kabisa.

Huku kwetu watu hudabo kwenye magoli zaidi ya mawili na nusu, na odi wanayopewa, hata pale nafasi zinapokuwa nusu kwa nusu, huwa kama 1.90 badala ya 2.00. Fuateni mkeka huo kwa makini. Umeliwa mara nne, jumla 15,000. Mara ya tano unaweka 16,000, unapata, faida ni 14,400. Umeshinda, na bado una hasara ya 600. Kodi ya ushindi sijaigusa.

Picha za skrini za yule kijana naamini ni halisi. Wengi wanaoanza mfumo huu watakuwa nazo kwa muda. Ningependa kuona picha ya baada ya mizunguko saba mibaya, pale mtaji wa 127,000 umekwisha na mfumo unadai 128,000, ambazo hapana shaka zitatoka kwenye mkopo wa simu. Tuseme anaukopa na mechi inampa. Kwa odi ya 1.90 anapata faida ya 115,200, analinganisha na 127,000 alizokwisha kuacha, na anakuta bado amepungukiwa 11,800, kabla ya riba ya mkopo.