Kuuza bei ya chini si sawa na kuzalisha kwa gharama ya chini

Wenye viwanda vidogo wengi wakisema "sisi tunashindana kwa bei," maana yake ni kwamba wanapunguza faida yao. Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alipoeleza mwaka 1980 mikakati ya kushindana, ukiwemo wa gharama ya chini na wa kutofautisha bidhaa, katika ule wa kwanza alizungumzia gharama: kuzalisha kwa gharama ndogo kuliko washindani wote. Bei ni uamuzi mwingine unaokuja baadaye.

Chukua mfano wa kufikirika wa karakana mbili zinazotengeneza viti vya chuma. Ya kwanza ina muundo mmoja tu. Kiti kinakula mita 3 za bomba, na bomba huja na urefu wa mita 6, kwa hiyo kila bomba hutoa viti viwili bila kipande kubaki. Rangi ni moja, na fundi wa kuchomelea habadilishi kifaa cha kushikilia vyuma mwezi mzima. Kiti kinagharimu 80, kinauzwa 100. Ya pili hutengeneza viti vya watu wanaokaa kutwa nzima kazini: mgongo unarekebishwa, na kikivunjika, kipuri kinapatikana. Kinagharimu 115, kinauzwa 150. Gharama imepanda 35, lakini mnunuzi anakubali kuongeza 50. Hiyo ndiyo tofauti yenye maana; urembo ambao mnunuzi haulipii ni gharama tu.

Sasa mteja anaijia karakana ya kwanza na oda ya viti 40 vyenye mikono, rangi tofauti. Bei anayotoa inavutia. Kiti hicho kinahitaji mita 3.7, kwa hiyo kila bomba linabakiza mita 2.3, fupi mno kwa kiti kingine. Kazi inasimama ili kupanga upya vifaa na kusafisha bomba la kupulizia rangi. Kwenye daftari oda inaonekana ina faida, kwa sababu muda wa kusimama na vipande vilivyolundikana nyuma ya karakana havikuandikwa popote. Oda kama hizo zikizoeleka, 80 inakuwa 90 na hakuna anayejua imepandia wapi. Mimi ningeikataa.

Karakana ya pili ina kishawishi chake: punguzo. Ikishusha bei kwa asilimia 10 tu, inauza 135, na faida ya kila kiti inatoka 35 hadi 20. Ili ipate faida ileile, lazima iuze asilimia 75 zaidi, gharama ya kila kiti ikibaki 115. Wateja wanaotafuta mgongo unaorekebishwa hawaongezeki kiasi hicho kwa punguzo dogo namna hiyo.

Kwa karakana ndogo, naegemea njia ya pili. Mwenye gharama ya chini kabisa sokoni ni mmoja tu, na mara nyingi ni yule anayenunua chuma kwa wingi kuliko wote. Njia ya kwanza naikubali pale tu mwenyewe anapoweza kuonyesha, kwa hesabu ya kila kiti, gharama ambayo jirani yake hawezi kuifikia hata akinunua mashine zilezile.