Usimwambie "Tutalifanyia Kazi"

Kwenye ofisi zetu kuna jibu ambalo kila mfanyakazi anajua maana yake: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Maana yake ni hapana. Anayelitoa anajua, anayepewa anajua, na wote wawili wanaachana kwa tabasamu. Baada ya hapo mwenye pendekezo hajui limekwama wapi, wala hajui kama kuna mtu aliyelisoma hadi mwisho. Kikao kijacho atakaa kimya, na mkuu wake atalalamika kwamba watumishi hawana ubunifu.

Tuchukue famasi ya hospitali ya wilaya, mahali ambapo jambo hili hutokea mara kwa mara. Hospitali nyingi za serikali Tanzania zina timu ndogo za uboreshaji kazini, zilizokuja na utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua, 5S-KAIZEN, ulioanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007. Watumishi wa idara hukaa, hutaja kero, huleta mapendekezo, kisha huchagua moja la kujaribu. Kuchagua moja ni kuacha mengine, na kila lililoachwa lina mtu aliyelileta.

Tuseme kero ni foleni ya asubuhi dirisha la dawa. Mteknolojia dawa mmoja anapendekeza lifunguliwe dirisha la pili. Hakuja mikono mitupu: kwa wiki 2 amehesabu watu kwenye foleni kila nusu saa, akaona inafurika kuanzia saa 4, wakati vyumba vya madaktari vinapowaachia wagonjwa kwa pamoja. Mwenzake anapendekeza dawa zinazotoka sana zihesabiwe na kufungwa mapema, mchana foleni ikishakwisha. Paracetamol ya mtu mzima ya vidonge 2 mara 3 kwa siku 3 iwe tayari kwenye pakiti ya vidonge 18, yenye lebo ya jina la dawa, nguvu yake, idadi, namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Timu inachagua hili la pili.

Sababu ya kweli ni watu. Zamu ya asubuhi ina watumishi 2: mmoja anasoma cheti na kuhesabu dawa, mwingine anahakiki kabla ya kumkabidhi mgonjwa na kumweleza namna ya kutumia. Ukiwagawa kwenye madirisha 2, kila mmoja atasoma, atahesabu na kukabidhi peke yake, na jicho la pili litakuwa limeondoka. Dawa isiyo yake inaweza kumfikia mgonjwa bila mtu kushtuka. Tena kazi inayokula muda ni kuhesabu vidonge kwenye trei, na kazi hiyo haipungui kwa kuongeza dirisha.

Hapa ndipo wakuu wengi wanapokosea, nasi tunaliona kosa hili kuwa kubwa kuliko ukali wowote. Kwa kumwonea haya mwenye pendekezo la dirisha, mkuu anamwambia, "Bajeti haitoshi." Inasikika kistaarabu kwa sababu bajeti haina uso na haimlaumu mtu. Lakini mteknolojia yule anaiamini. Anarudi baada ya mwezi na mpango wa dirisha lisilo na gharama: meza ya zamani iliyo stoo na fundi wa hospitali. Sasa mkuu lazima atafute sababu nyingine. Huyo dada ameshapoteza mwezi kutatua tatizo ambalo halikuwepo, na akikataliwa mara ya pili ataona kwamba shida si pendekezo, shida ni yeye. Mtu hufika hapo kwa sababu ya uongo wa huruma, na kumrudisha ni kazi.

Basi aambiwe lini na vipi? Aambiwe siku ileile ya uamuzi au kesho yake asubuhi, kabla muhtasari haujabandikwa ubaoni. Akisoma matokeo ubaoni pamoja na wahudumu wengine, maneno yote yatakayofuata atayasikia kama ya kumpoza. Aambiwe faragha, na mtu aliyeshiriki kuamua, asitumiwe mwingine. Salamu haziachwi, ni ustaarabu wetu, ila zikishaisha habari yenyewe itangulie. Ukianza na sifa dakika 5 nzima, ataanza kusubiri neno "lakini", na hatasikia hata moja kati ya sifa hizo.

Maneno yanaweza kuwa haya: "Dada, timu imechagua pendekezo la kufunga dawa mapema. La dirisha la pili hatutalifanya sasa. Kilicholizuia ni idadi ya watu: tukiwa wawili asubuhi, madirisha mawili yanaondoa uhakiki wa mtu wa pili. Akiongezwa mtu wa tatu zamu ya asubuhi, tutalirudisha kikaoni."

Kisha mkuu anyamaze. Ukimya huu ni mgumu, lakini unamwachia nafasi ya kuuliza au kupinga. Pengine atasema, "Na wale wa mafunzo kwa vitendo?" Ni swali halali, lijibiwe kwa hoja: mwanafunzi anaweza kuhesabu akiwa chini ya usimamizi, ila hawezi kuachiwa dirisha peke yake. Na kama ameleta jambo ambalo timu haikulifikiria, liandikwe mbele yake na apewe tarehe ya jibu.

Ile sentensi ya kuongezwa mtu wa tatu inahitaji uangalifu. Isemwe tu kama ni kweli. Kama pendekezo lisingefaa hata watumishi wakiwa 10, aambiwe hivyo. Sharti la kubuni ni "tutalifanyia kazi" iliyovaa nguo nyingine.

Baada ya hapo ndipo kutia moyo kunapoanza, na kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha kipande cha kazi yake kitakachotumika. Pendekezo limeachwa, hesabu yake ya foleni haijaachwa: ndiyo itakayoonyesha pakiti ngapi ziwe tayari kabla ya saa 4. Muhtasari uandike kwamba takwimu hizo alizikusanya yeye, kwa jina. Zikitumika bila jina lake, atajifunza kwamba hapa mtu hunyimwa wazo na kunyang'anywa jasho kwa wakati mmoja.

Ya pili ni kumpa swali badala ya "endelea kuleta mawazo". Swali liwe finyu na liwe linatusumbua kweli. Kufunga mapema, kwa mfano, hakusaidii antibiotiki za maji za watoto, zinazokuja kama unga kwenye chupa na kuchanganywa na maji wakati wa kutolewa, kwa kuwa zikishachanganywa hudumu siku chache tu. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa bado atasubiri. "Wewe ndiye uliyeifuatilia foleni. Hawa tuwapunguzieje kusubiri? Tulijadili kikao cha mwisho wa mwezi." Hapo amepewa kazi inayotokana na alichokwisha kukifanya, na siku ya kuileta.

Lisilofaa ni kumfariji kwa kumkabidhi usimamizi wa pendekezo lililoshinda. Wengine hulipokea vizuri, lakini mara nyingi ni kumtaka mtu amlelee mwenzake mtoto siku aliyozika wake. Aombwe baadaye, baada ya wiki kadhaa, na awe huru kukataa.

Ukitaka kujua kama ulimwambia vizuri, usimtazame usoni siku ile, maana heshima inaficha mengi. Fungua daftari la mapendekezo baada ya miezi 3 na uwatafute wote walioachwa. Waliorudi na jambo jingine ni wangapi? Kama hakuna hata mmoja, soma tena safu ya sababu ulizoandika mbele ya majina yao, uone ni ngapi zinasema bajeti.