Wapenzi wa Toronto na nyumba ndogo za Lamu

Shangazi zangu wa Mkomani wamesikia kwamba huku Kanada kuna watu wenye ndoa zao na bado wana wapenzi wengine, na kila mmoja anajua. Kwao hiyo ni zinaa tu. Kidini sina ubishi nao. Tendo nje ya nikaha ni zinaa hata wakiridhiana watu kumi. Ninachobisha ni pale wanaposema kwamba hakuna tofauti na mume anayemdanganya mkewe.

Uhusiano wa wazi, kwa kawaida, ni wa wawili walioruhusiana kulala na wengine huku mapenzi yakibaki baina yao. Poliamori inakwenda mbele zaidi: mtu anapenda wawili au watatu kwa dhati, nao wote wanajua kuwa wenzao wapo. Msiichanganye na uke wenza, maana huku alichoruhusiwa mume, mke naye anacho. Wala sheria haiiiti ndoa. Mitala ni jinai Kanada, ingawa mwaka 2018 mahakama ya Newfoundland iliwatambua wanaume wawili na mwanamke mmoja waliopendana hivyo kuwa wote ni wazazi wa mtoto wao.

Mume na mke walionipangisha chumba cha chini huku Toronto waliishi hivyo. Kalenda yao ilining'inia kwenye friji: Jumatano ya mke kwa kijani, Ijumaa ya mume kwa nyekundu. Masharti yao hayakuwa mengi. Kondomu na kila mtu wa nje, kupima magonjwa ya zinaa kila miezi mitatu, asiguswe mtu wa kazini, na habari itolewe kabla ya jambo. Mara kwa mara walikaa kuyapitia upya, kwa sababu alichokivumilia mtu mwaka jana huenda leo kinamchoma. Wivu ulikuwepo, tena mwingi. Walichofanya ni kuusema.

Kisha mume akalala na mwenzake wa kazini, bila kinga, akanyamaza wiki sita. Ilipojulikana alijitetea, nikisikia kutoka ngazini: "Si tuliruhusiana?" Mkewe akamjibu, "Tuliruhusiana wale unaoniambia." Na kazi ikaanza. Mke ilimbidi ampigie mpenzi wake wa Jumatano, naye akamwambie mkewe wa nyumbani. Kipimo cha damu cha maabara cha Virusi vya Ukimwi huhitaji hadi siku 45 tangu siku ya hatari ndipo jibu la hapana liaminike, kwa hiyo nyumba mbili nzima zilirudi kwenye kondomu zikihesabu siku. Huyo mume alisaliti ndani ya uhuru wote ule. Kwa wiki sita mkewe alikuwa akiuamulia mwili wake kwa habari za uongo, na hilo ndilo linalouma kuliko kitanda chenyewe.

Sasa kwetu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inahesabu ndoa ya Kiislamu kuwa ya mitala au inayoweza kuwa hivyo. Mswada ulipokuwa bungeni, wabunge waliondoa kipengele kilichotaka ridhaa ya mke wa kwanza, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Basi mtu wa Lamu aoe wa pili Malindi, walii yupo, mashahidi wawili wapo, nikaha inasihi. Asiyejua ni bi mkubwa, anayeambiwa mzee kaenda kufuatilia mbao. Wako wanaojua siku ya mirathi tu: mjane mwingine anaingia kwa kadhi na watoto wake, na ile thumuni ya mke inakatwa nusu kwa nusu. Bi mkubwa anakaa eda huku akijifunza jina la mke mwenza. Ndoa halali, lakini yule mwanamke wa Toronto alijua mengi zaidi kuhusu nyumba yake, hata baada ya kudanganywa.

Msidhani ninawasifu wazungu. Huku pia "uhusiano wa wazi" huletwa na mtu aliyekwisha kushikwa, anayetaka kuruhusiwa kwa yaliyopita. Dada mmoja wa Malindi aliletewa habari hiyo na mumewe wakati tayari kuna mtu. Kodi inalipwa na mume, na uuguzi wake wa Kenya ulikuwa haujakubaliwa huku. Akasema sawa. Mimi siihesabu ridhaa hiyo, kwa kuwa angekataa angelala wapi? Wanaoijua poliamori vizuri humuuliza mtu hilo kabla ya masharti mengine yote: ukikataa, unapoteza nini? Yeye angepoteza paa. Alipopata leseni na zamu zake hospitalini, alimwambia mumewe hapana, na mume akahamia kwa yule wa nje ndani ya mwezi huohuo.