Ndoa Iliyofungwa Kisogoni

Siku mbili kabla ya harusi ya binamu yangu kule Tanga, nilikaa mbele ya kioo nikahesabu dredi zangu nikapata 85, ilhali msusi aliponisokota mara ya kwanza, mwaka mmoja na nusu nyuma, alinihesabia 88 na kunitoza kwa idadi hiyo hiyo. Nilihesabu tena, safari hii nikianzia sikio la kushoto, na jibu likabaki lile lile. Nilipopapasa kisogo ndipo nilipowakuta watoro: dredi nne zilikuwa zimeshikana shinani na kuwa shina moja nene lenye mikia minne, kama mkono ulionyimwa kidole gumba.

Kosa lilikuwa langu. Kwa kawaida husokotwa kila baada ya wiki sita, lakini fedha za msusi zilikwenda kwenye sare ya harusi, nami nikafikisha wiki kumi. Katika muda huo nywele mpya zilikuwa zimeota kama sentimita mbili na nusu, na nywele mpya hazina habari za mipaka. Za kiwanja hiki, yaani kipande cha ngozi kinachoota dredi moja, hujisokotea na za kiwanja cha jirani. Mwenye dredi anatakiwa kila anapoosha, nywele zikiwa bado na unyevu, ashike dredi mbili zilizopakana na kuzivuta taratibu kila moja upande wake mpaka ngozi ionekane katikati, kisha ahamie mbili zinazofuata. Mimi nilikuwa nikiosha, nikivaa kofia yangu ya satini na kulala, na usiku kucha kisogo na mto vikazifungisha nne hizo ndoa bila mahari.

Badala ya kwenda kwa msusi siku hiyo hiyo, niliamua kwanza kuzisawazisha ncha, maana zilikuwa zimekonda na kushika vinyuzi vya shuka. Nilichukua mkasi wa kushonea, nikiwa nimetoka kuoga na nywele zikichuruzika maji, nikakata sentimita tatu kila upande kwa kutumia futi ya fundi cherehani. Nilijipongeza. Zilipokauka, ncha zangu, ambazo bado zina vishungi vilivyojikunja, zilipanda juu, na upande wa kulia, ambao nadhani niliuvuta kwa nguvu zaidi wakati wa kupima, ulipanda kuliko wa kushoto. Nikapunguza kushoto. Kushoto kukapita kulia. Mama alipochungulia mlangoni aliuliza kwa upole kama panya wamerudi.

Kesho yake nilikuwa kwenye kiti cha msusi wangu, Sinza, nimeinamisha kichwa kama mshitakiwa.

“Mdogo wangu, nani alikukata?”

“Mimi mwenyewe, dada.”

“Zikiwa mbichi?”

Sikujibu. Alichukua dredi moja, akaiinua kwenye taa na kunionyesha kwamba ncha inayostahili kukatwa ni ile inayopitisha mwanga na iliyokonda chini ya nusu ya unene wa dredi yenyewe. Hukatwa ikiwa kavu, moja moja, na mkasi huishia pale unene unapoanza. Zangu nyingi hazikuwa na hatia yoyote.

Kisha akageukia ndoa ya mitala. Alinyunyizia maji, akatafuta ile mistari ya viwanja aliyoigawa mwenyewe, iliyopishana kama matofali ili ngozi isionekane, akaanza kuzivuta mbili za pembeni. Zilikuwa zimeshikana kwenye nywele mpya tu, hivyo ziliachana kwa mvuto na kidole, ingawa mimi nililia kama niliyeombwa talaka. Lau ningezikalia miezi kadhaa mpaka zikaze, ingebidi mkasi upite kati.

Mbili zilizobaki alizitazama kwa muda mrefu, halafu akakiri kosa lake. Kiwanja cha dredi zangu ni kama sentimita mbili kwa mbili, lakini pale kisogoni, nafasi ilipomwishia, alikuwa amegawa viwili vya sentimita moja moja. Dredi inayoota kwenye kiwanja kidogo namna hiyo huwa na shina jembamba, na inavyorefuka uzito wake hulivuta shina hilo mpaka liishe. “Hizi zilijua zilichokuwa zinafanya,” alisema. “Tuziache.” Akazisokota mashina pamoja, kwa upande ule ule zinakosokotwa nyingine zote na kwa jeli ya kiasi cha punje ya kunde, kisha akanikalisha chini ya kikaushio hadi ndani kabisa pakakauka.

Harusini Tanga nilifunga kilemba siku zote mbili. Shangazi, ambaye hafichwi kitu, alikiinua kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakirudisha mwenyewe na kunikabidhi sinia la pilau nipeleke kwa wageni wa nje, kwenye giza. Dredi zangu sasa ni 87, na msusi, nilipomdai fedha ya ile moja, alinikumbusha nani aliyeshika mkasi.